Mstari wa ndevu umepinda baada ya kunyolewa haraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumwandikia kinyozi arekebishe

Maswali haya yanatoka kwa wateja wa saluni za kiume mjini Kigoma, hasa wa Mwanga na Ujiji, waliochongwa ndevu jioni wakiwa na haraka na asubuhi wakakuta shavu moja haliendani na lingine. Majibu yameandikwa kwa ajili ya anayeshika simu kumwandikia kinyozi wake, lakini kinyozi anayepokea ujumbe naye ataona humu anachotakiwa kujibu.

Nitajuaje kwamba mstari umepinda kweli, si macho yangu tu?

Pima. Chukua tepu ya fundi cherehani, kaa mbele ya kioo, funga mdomo meno yakiwa yamegusana, kichwa kiwe sawa bila kuinama wala kuinuka. Weka mwanzo wa tepu kwenye pembe ya nje ya jicho, ishuke wima hadi pale ndevu zinapoanzia shavuni. Soma namba. Fanya hivyo upande wa pili, kisha urudie zote mbili mara ya pili, maana mkono hutetemeka na tepu hulala upande.

Usipime kutoka sikioni. Masikio ya watu wengi hayako kimo kimoja, na anayelitegemea sikio hujikuta analaumu ndevu kwa kosa la sikio. Pembe ya jicho haidanganyi sana.

Tofauti ikiwa chini ya milimita mbili, iache. Hakuna anayeiona isipokuwa wewe mwenye uso, na kinyozi akiigusa huenda akaiongeza. Kuanzia milimita tatu au nne mtu anayezungumza nawe ana kwa ana huanza kuiona, na hapo kuandika ujumbe kuna maana.

Yapo pia yanayofanana na mstari uliopinda lakini siyo. Wapo wenye ndevu nzito shavu moja na chache shavu lingine tangu zilipoanza kuota. Mstari uko sawa ila upande mwepesi huonekana umeshuka. Wapo waliolalia shavu moja usiku kucha, ndevu zikajikunja kuelekea juu. Nawa uso kwa maji ya uvuguvugu, kausha, chana ndevu kuelekea chini, ndipo upime.

Kwa nini kunyoa kwa haraka hupindisha mstari? Kinyozi ni yule yule na mashine ni ile ile.

Kilichobadilika ni pale anaposimama. Kinyozi asiye na haraka huchonga shavu la kulia, hurudi mbele ya mteja kutazama uso mzima, kisha huhamia kushoto, na hurudi tena mbele. Mwenye haraka hubaki upande mmoja wa kiti na kuufikisha mkono upande wa pili. Shavu lililo mbali naye analitazama kwa mshazari, na mstari anaouona umenyooka kutoka pale aliposimama huwa umeshuka ukitazamwa kutoka mbele.

La pili ni kuvuta ngozi. Ili mashine ikate vizuri, kinyozi huvuta shavu kuelekea juu kwa kidole gumba. Ngozi ikiwa imevutwa, mahali anapokata pameinuka. Akiachia, ngozi inarudi na mstari unashuka pamoja nayo. Akivuta mashavu yote mawili kwa nguvu sawa, kosa linakuwa sawa na halionekani. Akivuta moja tu, hapo ndipo milimita nne au tano hupotea.

Mwanga nao una sehemu yake. Kigoma jua huzama upande wa ziwa, na saluni yenye mlango unaotazama magharibi hupata mwanga wa jioni kwenye shavu moja tu la mteja. Shavu lililo gizani huonekana lina ndevu nyingi zaidi, kinyozi anaongeza kukata. Na mteja mwenyewe akiwa ameinamia simu, taya huzunguka kidogo kila anapoandika, kinyozi akifuata shabaha inayotembea.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, au betri ya mashine ikiwa imechoka, meno huanza kuvuta nywele badala ya kuzikata. Kinyozi hupitisha mara tatu pale alipopaswa kupitisha mara moja, na kila mara mstari unashuka unywele mmoja.

Nimwandikie nini? Nataka anirekebishie bila kuonekana namgombeza.

Mwandikie vitu anavyovihitaji ili aamue kabla hujafika: lini alikunyoa, upande gani una kasoro, tofauti ni kiasi gani, ndevu ziko namba ngapi, hali ya ngozi ikoje, umezigusa au hujazigusa, na lini unahitaji uso uwe tayari. Ukimwandikia tu «umeniharibu», atajibu «njoo», utakwenda kesho yake, na kesho yake mara nyingi ndiyo siku mbaya kuliko zote, kama tutakavyoona.

Tuchukue mfano wa kijana wa Ujiji aliyechongwa Jumatano jioni akiwahi daladala, na Jumamosi ni mpambe wa bwana harusi. Ujumbe wake unaweza kuwa hivi:

«Shikamoo kaka, habari za kazi. Ni mimi uliyenichonga jana Jumatano saa moja jioni, niliyekuwa nawahi gari la Ujiji. Leo asubuhi nimeona mstari wa shavu la kushoto uko chini kuliko wa kulia. Nasema kushoto kwangu, upande wenye kovu dogo karibu na sikio. Nimepima kwa tepu kutoka pembe ya jicho: kulia sentimita 5.2, kushoto sentimita 5.7, na tofauti kubwa iko katikati ya shavu. Pia shingoni upande wa kulia naona umepanda kidogo. Ndevu ulizipitisha namba mbili. Sijagusa kitu na ngozi haina vipele. Jumamosi saa nane mchana nina harusi, mimi ndiye mpambe. Nimekutumia picha tatu. Naomba unirekebishie, nije lini?»

Maneno «kushoto kwangu» na alama ya kovu ni muhimu kuliko yanavyoonekana. Kinyozi akikutazama, kushoto kwako ni kulia kwake, na picha za kamera ya mbele katika simu nyingi hugeuza uso kama kioo. Akikosea upande, atashusha shavu lile lile lililokwisha shuka.

«Sijagusa kitu» nayo inambadilishia hesabu. Ndevu ambazo hazijaguswa bado zina alama ya alipokata yeye. Zikiguswa, anaanza kubahatisha.

Hakuna tusi wala kumbembeleza ndani ya ujumbe huo, na hakuna neno la haraka yake. Kinyozi akisoma 5.2 na 5.7 anaelewa mwenyewe kilichotokea.

Picha tatu zipigwe vipi?

Moja ya mbele, moja ya shavu la kulia, moja ya shavu la kushoto. Mtu mwingine akupige kwa kamera ya nyuma akiwa mbali nawe kama hatua mbili, simu ikiwa kimo cha pua yako. Simu ikisogezwa karibu sana, pua na kidevu huvimba kwenye picha na mashavu hukimbia nyuma, mstari ukaonekana umejikunja hata kama umenyooka.

Simama kivulini, kwa mfano barazani au mlangoni, ukitazama nje ili mwanga uangukie uso wote sawasawa. Zima filta yoyote ya kulainisha ngozi. Filta hufuta nywele fupi za ukingoni, na hizo ndizo kinyozi anazozitafuta. Chana ndevu kwanza. Ukiongeza picha ya shingo, haina haja ya kuinua kichwa hadi juu, inua kidogo tu mpaka mstari uonekane.

Kwa nini kinyozi asipandishe upande ulioshuka? Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa sababu mashine haioteshi nywele. Shavuni, mstari hupanda kwa kuota tu, na hushuka kwa kukata tu. Upande ulioshuka umekwisha kata kauli; upande wa juu ndio pekee unaoweza kusogezwa leo. Hapo kinyozi ana njia mbili za moja kwa moja: kuushusha upande mzuri uufuate mbaya, au kungoja.

Kushusha kote milimita tano kunasawazisha, lakini uso hubadilika. Ndevu zikishuka mno shavuni, hubaki utepe mwembamba juu ya taya, na mwenye uso mpana huonekana mpana zaidi. Halafu wapo wanaoshusha kulia, wakapitiliza, wakarudi kushoto, wakapitiliza tena. Hivyo ndivyo mtu huingia na ndevu kamili akatoka na utepe wa kidole kimoja.

Kungoja kuna hesabu yake. Ndevu huota takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Kipande kilichokatwa hadi ngozini kitaonekana sawa na jirani zake pale kitakapofikia urefu wao. Namba mbili ya mashine huacha milimita 6, kwa hiyo kipande hicho kinahitaji siku kumi na tano hadi ishirini. Namba moja huacha milimita 3, siku nane hadi kumi. Nusu namba huacha milimita 1.5, siku nne au tano.

Angalia vizuri hesabu hiyo, maana humo ndimo ilimo nafuu. Usipoweza kuharakisha nywele zilizokatwa, unaweza kuzifupisha zile zinazozisubiri. Mtu mwenye ndevu za namba mbili akikubali kushuka hadi namba moja, muda wa kungoja hupungua karibu nusu, bila kugusa mstari hata kidogo. Hiyo ndiyo tiba ambayo vinyozi wengi wanaijua mkononi lakini hawamwambii mteja, na mteja hudhani anapunguziwa ndevu bure.

Kinyozi amenijibu nisije leo wala kesho, nije Jumamosi asubuhi siku ya harusi yenyewe. Je, ananikwepa?

Hapana, anakusaidia. Kwa mfano wetu, jibu zuri la kinyozi lingekuwa hivi:

«Marahaba mdogo wangu. Pole, picha nimeziona, na kushoto kwako pameshuka kweli. Usiguse, na usimruhusu mtu kugusa. Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi, si leo wala kesho. Nataka zile fupi za kushoto ziote kidogo nizitumie. Shingo tutaiacha kama ilivyo, nitakueleza ukifika. Nitakurekebishia, haulipi.»

Kati ya Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, kile kipande cha milimita tano kilichokatwa kushoto kitakuwa kimeota karibu milimita moja. Kwa macho ya kawaida ni weusi hafifu tu juu ya ngozi. Kwa kinyozi ni mali. Angekuja Alhamisi, weusi huo usingekuwepo na njia pekee ingekuwa kushusha upande wa kulia wote.

Jumamosi atafanya nini hasa?

Kwanza atakukalisha wima, mgongo ukiwa umeegemea kiti, uso ukitazama kioo, na atachana ndevu kuelekea zinakolala. Kisha ataweka nukta ndogo kwa penseli nyeupe ya nyusi, tatu kila shavu: moja karibu na sharafa, moja katikati ya shavu, moja karibu na masharubu. Atasimama mbele yako, si kando, akitazama nukta zote sita kwa pamoja kabla ya kuwasha mashine. Kinyozi asiyeweka nukta yoyote kwenye kazi ya kurekebisha anategemea bahati, na bahati ndiyo iliyokuleta.

Shavu la kulia lilikuwa 5.2. Nukta yake ya katikati ataishusha milimita mbili, ifike 5.4. Za pembeni hazigusi, kwa sababu tofauti kubwa ilikuwa katikati. Atafuata nukta kwa mashine ndogo ya kuchongea, akitumia kona ya meno, akigusa na kuinua, bila kuburuta. Vile vijinywele vilivyoota juu ya mstari huo ataviondoa vyote.

Shavu la kushoto lilikuwa 5.7. Hapo hataondoa vyote. Vile vyeusi hafifu vilivyoota juu ya mstari ataviacha milimita tatu za chini, na kusafisha milimita mbili za juu. Kwa hiyo weusi wa kushoto sasa unaanzia 5.4 pia. Pande mbili zimekutana katikati: moja imeshuka mbili, nyingine imepanda tatu kwa nywele ambazo Alhamisi hazikuwepo.

Lakini kushoto kuna ngazi. Chini kuna namba mbili yenye milimita 6, juu yake ghafla kuna milimita moja. Jicho litaiona ngazi hiyo kuwa ndiyo mstari, na kazi yote itakuwa bure. Ndiyo maana atafifisha ukingo, tena mashavu yote mawili ili yafanane. Atachukua mashine kubwa yenye kitana cha nusu namba na kupita kwenye utepe wa ukingoni wenye upana wa kama milimita tano. Chini ya hapo atapita namba moja, utepe wa upana huo huo. Chini zaidi namba mbili inabaki. Mpaka wa namba moja na mbili ataupigapiga kwa kuinua mkono kila anapomaliza, ili kusiwe na mchirizi.

Wembe hautumiki siku hiyo. Wembe huchora ukingo mkali, na ukingo mkali ndio unaoonyesha tofauti ya milimita moja. Ukingo uliofifia husamehe.

Kazi ikiwa nzuri utaijua hivi: ukisogea hatua mbili kutoka kwenye kioo, huwezi kutaja mahali hasa ndevu zinapoanzia, lakini mashavu yote mawili yana giza sawa. Kazi ikiwa mbaya, utaona utepe wa kijivu upande wa kushoto tu. Mwambie apunguze kingo zote tena kwa nusu namba kabla hujainuka.

Baada ya wiki mbili hivi, vya kushoto vitakuwa vimefikia wenzao. Siku hiyo ndipo mstari halisi uchongwe upya, kwa wembe ukitaka.

Na shingo je? Mbona amesema iachwe?

Shingoni mambo yamegeuka: huko kukata hupandisha mstari badala ya kuushusha. Upande wa kulia ukiwa umepanda, kuusawazisha ni kupandisha na wa kushoto. Mstari wa shingo hukaa vizuri kidole kimoja au viwili juu ya kikoromeo, ukipinda kuelekea nyuma ya taya chini ya masikio. Ukipandishwa hadi ukaribie mfupa wa taya, nyama ya chini ya kidevu hubaki wazi, na mtu mwembamba kabisa huonekana ana kidevu cha pili.

Shingo iko kivulini mwa taya, na siku ya harusi kuna kola ya shati. Kosa la milimita tatu huko halionekani. Liache liote. Lile la shavuni liko mbele ya kamera.

Sababu ya kosa lenyewe mara nyingi ni kichwa. Mteja akiinua kidevu hadi juu, ngozi ya shingo hunyooka, kinyozi huchora mstari kwenye ngozi iliyovutika. Akishusha kichwa, mstari unajikunja na kwenda pasipotarajiwa. Mstari wa shingo uwekewe alama kichwa kikiwa sawa. Kuinua kidevu ni kwa ajili ya kusafisha chini ya mstari tu.

Siwezi kujirekebishia mwenyewe kwa wembe wa dukani?

Unaweza kushika wembe, lakini huwezi kujitazama kutoka mbele huku mkono wako ukiwa mbele ya uso wako. Kila ukiinua mkono, unageuza kichwa ili uone, na ukigeuza kichwa shavu linasogea. Wengi wa wanaojaribu huishia kushusha upande mzuri kuliko ule mbaya.

Ukilazimika kabisa, ondoa vijinywele vya juu ya upande wa juu tu, kwa mashine, na uache milimita mbili kabla ya kufika unapotaka. Mengine mwachie kinyozi.

Saluni nyingine wameniambia watanipaka bleki na tofauti itaisha. Ni kweli?

Itafichika siku chache. Bleki au piko hupaka nywele na ngozi pamoja, kwa hiyo kinyozi anaweza kuchora mstari mnyoofu mahali pasipo na ndevu. Ngozi ya uso hujisafisha haraka: baada ya siku mbili tatu za kunawa na jasho, rangi ya ngozi inaondoka, ya nywele inabaki, na mstari uliopinda unarudi ukiwa mweusi zaidi ya ulivyokuwa. Kwa harusi ya siku moja inaweza kukuvusha. Kama kurekebisha, haihesabiki.

Kuna jambo la afya pia. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD, na wapo ambao ngozi yao huikataa: huwasha, huvimba, wakati mwingine hutoa malengelenge mpaka macho yanafumba. Mtu anaweza kuwa ameipaka mara nyingi bila shida, kisha siku moja mwili ukakataa. Jaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla. Kama ngozi imetoka kukwaruzwa na mashine, usipake kabisa.

Ngozi imeota vipele tangu juzi. Bado niende kurekebishwa?

Mwambie kinyozi ndani ya ujumbe, na umpigie picha ya karibu ya vipele. Kwa watu wenye ndevu za kujikunja, nywele iliyokatwa karibu mno na ngozi huota ikiwa na ncha kali, hujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi. Mwili huiona kama mwiba. Hicho ndicho kipele cha ndevu. Kukata tena juu yake, hasa kwa wembe, hukata vichwa vya vipele, huacha majeraha na huzidisha vingine.

Ngoja vitulie, usivitumbue, na urekebishaji ufanyike kwa mashine isiyogusa ngozi kabisa, ikiacha angalau milimita moja. Vipele vyenye usaha, joto au maumivu yanayoongezeka si kazi ya kinyozi. Nenda zahanati kwanza.

Hata ngozi ikiwa safi, meno ya mashine yafutwe kwa spiriti mbele yako na yaachwe yakauke kabla hayajakugusa. Ikibidi wembe utumike, ufunguliwe mpya ukiona. Ngozi iliyonyolewa siku tatu zilizopita inaweza kuwa bado na mikwaruzo usiyoiona, na damu ya mteja aliyetangulia inaweza kupita humo humo.

Nirudi kwa yule yule, na je nilipe tena?

Rudi kwa yule yule, isipokuwa kama amekataa kwamba kuna kasoro hata baada ya kuona vipimo. Yeye anakumbuka alipita namba ngapi, alivuta wapi, na mashine yake inakata karibu kiasi gani. Mgeni atalazimika kukata ili ajue, na wewe huna nywele za majaribio.

Kuhusu malipo, kwa maoni yetu kurekebisha kosa lililoonyeshwa ndani ya siku mbili tatu ni sehemu ya kazi ya kwanza. Ukikaa wiki mbili kisha ukaja kudai, ndevu zimeshaota na hiyo ni kazi mpya. Kama wewe ndiye uliyemwambia «harakisha, gari linaondoka», ni haki kumwachia kitu kwa muda wake wa pili. Liulize kwenye ujumbe, si ukiwa umekwisha vaa kitambaa shingoni.

Siku nyingine nikiwa na haraka, nimwambie nini kabla hajaanza?

Mwambie una dakika ngapi kwa kweli. Kuchonga ndevu vizuri pande zote, pamoja na kurudi mbele ya uso kila hatua, huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukiwa na tano, mwombe apitishe namba tu na asiguse mstari wa shavu. Ndevu zilizopunguzwa bila kuchongwa huonekana za mtu ambaye hajachonga wiki hii, na hakuna anayeuliza. Mstari utamaliziwa kesho ukirudi, ukiwa bado na nywele za kuuchongea.

Simu iwe mfukoni. Na kabla hujasimama, mwombe akusogezee kiti utazame kioo uso ukiwa sawa, huku yeye amesimama nyuma yako wala hakushiki kichwa. Hapo hapo utaona kama pande mbili zinaanzia pamoja, na milimita mbili zilizozidi kulia zinaweza kuondolewa kabla hujafika kituoni.